Kuatamisha kuku kwa pamoja, na kumwachisha anayeng'ang'ania kiota

Dada mmoja wa Urambo ameniandikia kwamba mtetea wake amelalia kiota kitupu tangu mwezi uliopita, na jirani amemshauri amchovye kwenye maji baridi. Ninamjibu hapa kwa kirefu, kwa sababu kuatamisha ndiko kulikolijaza banda langu hapa Tabora, na walioniambia kwamba bila mashine nisingefika popote leo wanakuja kununua vifaranga kwangu.

Mimi siachi kila kuku aatamie kwa wakati wake. Mtetea wa kwanza akianza, humwekea mayai mawili ya kuchemsha yaliyotiwa alama ya mkaa, ili asikiache kiota wakati nikiwasubiri wenzake. Aliye tayari kweli hujulikana usiku: ukipitisha mkono chini yake, anajitutumua na kunguruma lakini hatoki. Wakifika watatu, ninawawekea wote usiku mmoja mayai 12 kila mmoja, yaliyohifadhiwa mahali pa baridi kwa muda usiozidi siku 7.

Siku ya 7 ya kuatamia, ninayapima mayai gizani kwa tochi ya simu. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui, na lisilo na mbegu hubaki wazi. Mara ya mwisho niliondoa 10 kati ya 36, nikawagawia watetea wawili yale 26 yaliyobaki, 13 kila mmoja, nao wakaendelea hadi siku ya 21. Faida ambayo wengi wanaipoteza iko hapo: mtetea wa tatu alikuwa huru kurudi kutaga, badala ya kukalia mayai yasiyo na kitu.

Lakini hakuacha mwenyewe, na hata wa dada yule hataacha. Joto la tumbo juu ya kiota chenye giza huufanya mwili uendelee kutoa homoni ya prolaktini, ambayo huzuia utagaji. Maji baridi hulipoza tumbo kwa muda mfupi tu, kisha kuku anarudi palepale, tena amepata mshtuko bure. Mweke kwenye tenga lenye sakafu ya fito zilizoachana, bila majani, lililoinuliwa juu ya mawe kivulini ili hewa ipite chini yake mchana na usiku. Chakula na maji asikose kamwe; kumshindisha njaa ni ukatili, na kunachelewesha mayai. Baada ya siku 3 au 4 mfungue: akikimbilia kiota, mrudishe siku 2 zaidi, akienda kupekua na wenzake, ameacha, na kwa kawaida hutaga tena baada ya wiki chache.

Kwa kuwa huyu wa Urambo amekaa muda mrefu, mpapase kwanza mfupa wa kifua. Ukiwa umechongoka kwa kukonda, mwongezee pumba na dagaa waliosagwa humo humo tengani, na usitarajie yai kabla nyama ya kifua haijarudi.