Chati ya bei kwenye simu: anza na upana wa 360

Hapa Busia, upande wa Uganda, wafanyabiashara wa nafaka karibu wote wanapokea habari za bei kwenye simu, kwenye grupu ya WhatsApp, wamesimama kando ya lori au wako juu ya boda, jua kali linapiga kioo. Mimi ndiye nawatengenezea chati ya bei ya mahindi ya kila wiki. Kwa hiyo nataka kueleza jinsi ya kuchora chati ambayo mtu anaisoma bila kuivuta na vidole viwili, maana nimeona wengi wenye data nzuri kabisa wanaipoteza hapo tu.

Kabla yangu kulikuwa na chati iliyokuwa inakuja kutoka ofisi fulani. Data yake ilikuwa safi, masoko tisa, bei ya kila wiki, lakini ilichorwa kwenye kompyuta kwa upana wa pikseli 1200 na maandishi ya pikseli 14. Kwenye kompyuta 14 inasomeka vizuri sana. Sasa angalia hesabu: simu nyingi za Android za bei ya kawaida zinapanga vitu kwenye skrini kana kwamba upana wake ni pikseli 360, hata kama kioo chenyewe kina nukta 720 au 1080. Ukigawa 360 kwa 1200 unapata 0.3, yaani kila kitu kwenye ile chati kinapungua hadi chini ya theluthi moja, na yale maandishi ya 14 yanakuwa 4.2. Hakuna mzee wa miaka hamsini anayesoma herufi za pikseli 4 juani. Mama mmoja muuza maharagwe alikuwa ananipigia simu kila wiki, "Mwanangu, soko la Lira limesema ngapi?" na chati iko mkononi mwake.

Watu wengi wakiona hivyo wanaongeza fonti kidogo, kutoka 14 kwenda 18, halafu wanashangaa haijasaidia. Fanya hesabu kinyume: ukitaka maandishi ya pikseli 12 kwenye simu, na hiyo 12 ndiyo mwisho, usishuke zaidi, basi kwenye picha ya 1200 lazima uandike 40. Ukiweka herufi za 40 kwenye chati iliyopangwa kwa kompyuta kila kitu kinagongana, na hapo ndipo unaelewa kwamba shida si fonti peke yake, ni chati nzima imepangwa kwa eneo ambalo msomaji hana.

Ninachofanya mimi ni kuchora kwa upana wa simu tangu mwanzo. Pointi moja ya fonti ni sehemu ya 72 ya inchi, kwa hiyo inchi 5 ni pointi 360 kamili. Ukitengeneza chati yenye upana wa inchi 5, fonti unayoandika ndiyo msomaji atakayoiona kwenye simu ya 360: ukiandika 13 anaona 13 akiifungua picha ijaze upana wa skrini, hakuna kukisia tena. Urefu naweka inchi 6.25, ambazo ni 450 kwenye simu, kwa sababu picha ndefu sana WhatsApp inaikata kwenye mazungumzo mpaka mtu aifungue. Kwa wanaotumia Python na matplotlib ni hivi, `masoko` ni orodha ya majina na `bei` ni orodha ya bei zake:

```python
import matplotlib.pyplot as plt

plt.rcParams["font.size"] = 13
fig, ax = plt.subplots(figsize=(5, 6.25), dpi=216)
ax.plot(bei, masoko, "o", markersize=12)
fig.subplots_adjust(left=0.25, right=0.875)  # 90 kushoto, 45 kulia
fig.savefig("bei.png")
```

Hiyo 216 ni 72 mara tatu, kwa hiyo picha inatoka 1080 kwa 1350, inakuwa kali hata kwenye simu nzuri. Angalia kitu kimoja tu, usiweke `bbox_inches="tight"` wakati wa kuhifadhi, kwa sababu inakata pembezoni na kubadilisha ukubwa wa picha, na hesabu yako yote ya fonti inapotea. Anayetumia Excel au PowerPoint pia anaweza, aweke eneo lake sentimita 12.7 kwa 15.9, ni ukubwa uleule, ila wakati wa kutoa picha ahakikishe upana umefika 1080 maana hizo programu zenyewe huwa zinatoa picha ndogo na inakuja na ukungu.

Sasa ukishakubali kwamba una 360 tu, aina ya chati nayo lazima ibadilike, na hapa ndipo kuna kazi ya kweli. Tuchukue haya masoko tisa: Busia, Mbale, Lira, Gulu, Arua, Masindi, Fort Portal, Mbarara na Kampala. Mtu wa kompyuta anaweka nguzo tisa zimesimama. Toa pikseli 40 za namba za pembeni, zinabaki 320, gawa kwa tisa, kila soko linapata kama 35. Neno "Fort Portal" kwa fonti ya 13 linataka karibu 70. Haliingii, kwa hiyo programu kama Excel inayainamisha majina yote, na majina yaliyoinama yanakula urefu wa chati na yanamlazimisha mtu kupinda shingo. Ukiona majina yameinama kwenye chati yako ujue tayari umechagua umbo ambalo simu haiwezi kulibeba.

Laza hizo nguzo. Kila soko linapata mstari wake, jina kushoto kwenye nafasi ya pikseli 90, namba kulia kwenye 45, katikati zinabaki 225 za kuchorea. Kwenda chini una 450, toa 60 za kichwa na 25 za maelezo ya chini, zinabaki 365, kila soko linapata 40, nafasi ya kutosha kabisa. Simu ina urefu kuliko upana na kidole kimezoea kushuka chini, kwa hiyo kitu chochote kinachoongezeka, masoko, bidhaa, wilaya, kiende chini, kisiende pembeni. Na usipange kwa alfabeti, panga kutoka bei ya juu kwenda ya chini, mfanyabiashara anataka kuona haraka wapi anunue.

Lakini kwa bei, hata nguzo zilizolazwa hazinitoshi. Nguzo lazima ianze sifuri, la sivyo urefu wake unadanganya. Tuseme bei ya juu ni shilingi 1,200 kwa kilo: kwenye hizo pikseli 225 tofauti ya shilingi 50 inakuwa kama pikseli 9, na shilingi 50 kwa kilo kwa mtu mwenye tani kumi ni laki tano, si kitu cha kufichwa kwenye pikseli 9. Ndiyo maana natumia nukta badala ya nguzo. Nukta inasomwa kwa mahali ilipo, si kwa urefu, kwa hiyo naweza kuanza mizani kwenye 900 bila kumdanganya mtu, na ile tofauti ya 50 inakuwa kama pikseli 37. Unaiona hata ukiwa unatembea. Pembeni mwa kila nukta naandika bei yenyewe, halafu nafuta mhimili wa chini na mistari ya gridi yote, maana namba iko hapo hapo. Kwenye ile code namba hizo zinaongezwa na `ax.text`.

Shilingi yetu ina tarakimu nyingi na hilo nalo linakula upana. Bei ya gunia la kilo mia ikiandikwa "115,000" kwa fonti ya 13 inachukua karibu pikseli 50, na ukiongeza "UGX" mbele yake kwenye kila mstari umemaliza nafasi. Kipimo kiandikwe mara moja tu, chini ya kichwa, "Mahindi, shilingi kwa kilo", halafu chini ziwe namba tupu. Kichwa nacho kisirudie jina la chati, kiseme habari yenyewe: "Masindi iko chini kuliko wote wiki hii" kwa fonti ya 18, mistari miwili, si zaidi.

Kuna siku wanauliza bei imeendaje mwaka mzima, na hapo mistari inahitajika. Mistari tisa ya rangi tisa kwenye 360 ni fujo, na ile sanduku ya kueleza rangi inamfanya mtu aruke juu chini akitafuta kijani ipi ni Gulu. Mimi naweka soko moja kwa rangi, kawaida Busia, mengine yote kijivu, na jina naliandika mwisho wa mstari wake kulia, nikiacha nafasi ya 60. Miezi naandika minne tu, Jan, Apr, Jul, Okt. Kama kila soko lina umuhimu wake basi chora vichati vidogo vinavyofuatana kwenda chini, mstari mmoja kila kimoja, ila vyote vitumie mizani moja, maana ukiiacha programu ichague mizani kwa kila kimoja, soko lililopanda shilingi 30 litaonekana limepanda sawa na lililopanda 300. Chati ya duara sitaki hata kuisikia kwa masoko tisa, vipande vyembamba havina mahali pa kuandika jina.

Ukimaliza, itume kwanza kwenye simu ya bei rahisi kabisa unayoweza kuazima, itume kama picha ya kawaida, halafu itazame kwenye mazungumzo bila kuifungua, mwanga wa skrini umeupunguza. WhatsApp inabana picha, na katika kubana huko rangi ndizo zinaumia kuliko weusi na weupe, kwa hiyo maandishi madogo mekundu juu ya kijani yanatoka yamechafuka pembeni hata kama kwenye kompyuta yalikuwa safi. Rangi ziwe kwenye nukta na mistari minene, maandishi yawe meusi juu ya nyeupe. Na angalia pia simu ya mtu aliyeongeza ukubwa wa herufi kwenye setingi zake, maana maandishi ya WhatsApp yanakua lakini yaliyo ndani ya picha hayakui, huyo ndiye anaanza kuvuta na vidole.

Kwa sababu hiyo chini ya picha naandika zile bei tisa kama maandishi ya kawaida, kila soko mstari wake, kwa mpangilio uleule wa chati. Wenye bando dogo wamezima picha kujipakua zenyewe, wanasoma hapo. Yule mama wa maharagwe anazinakili na kuzituma kwa meseji kwa ndugu yake wa Tororo mwenye simu ya kitochi.