“Niko likizo hadi tarehe 19”: je, tarehe 19 upo au haupo?

Swali: Mimi ni mhasibu, napokea ankara za wauzaji kwa barua pepe. Nikienda likizo naweka jibu la moja kwa moja: “Niko likizo hadi tarehe 19 Juni. Kwa jambo la dharura wasiliana na wenzangu ofisini.” Nikirudi nakuta ankara zimelala, wauzaji wamenuna, na wengine wametuma barua ileile mara mbili tatu. Niandikeje ujumbe wenye maana?

Jibu: Tuanze na hiyo tarehe. Muuzaji akiisoma hajui kama tarehe 19 umesharipoti kazini au ndiyo siku yako ya mwisho ya kupumzika. Mwaka huu wa 2026, tarehe 19 Juni ni Ijumaa, kwa hiyo tofauti ya tafsiri hizo mbili ni siku tatu nzima, na mwenye ankara yake atachagua ile inayompendeza. Taja siku utakayokuwa mezani, na uitaje kwa jina la siku pamoja na tarehe: “Nitarudi kazini Jumatatu, tarehe 22 Juni.” Jina la siku ni kinga nzuri, maana ukikosea tarakimu moja msomaji ataliona kosa mara moja, na wewe utaliona kabla yake.

Hata hivyo, siku ya kurudi siyo siku ya kujibu. Umekaa nje wiki mbili, Jumatatu hiyo yote itaishia kwenye kupepeta barua. Mtumaji ukimwambia 22, saa nne asubuhi ya tarehe 22 atapiga simu. Mpe tarehe ya pili, ile anayoihitaji hasa: “Barua zilizoingia nikiwa sipo zitajibiwa zote ifikapo Jumatano, tarehe 24 Juni.” Iandike tu kama unaweza kuitimiza; ukihisi Ijumaa ndiyo salama, andika Ijumaa.

Sasa hao “wenzangu”. Mtu wa nje hana anwani ya wenzako, na hata akiipata hajui nani anashughulika na nini. Mtaje mmoja, toa anwani yake, kisha useme anachoweza kufanya na asichoweza. Hapo pa mwisho ndipo wengi hupasahau. Ikiwa mwenzako anaruhusiwa kupokea na kuingiza ankara kwenye mfumo lakini hana mamlaka ya kuidhinisha malipo, liseme hilo wazi, la sivyo utakuwa umemtuma muuzaji mlango ambao haufunguki. Kama ofisi ina anwani ya pamoja ya kitengo, itumie hiyo badala ya anwani ya mtu, kwa sababu mtu naye huugua. Na kabla hujaandika jina la mtu yeyote, mwulize. Nimeona ujumbe wa watu wawili waliokuwa likizo wiki ileile, kila mmoja akimwelekeza mtumaji kwa mwenzake.

Neno “dharura” nalo liondoe. Kwa muuzaji anayesubiri pesa, kila ankara ni dharura. Badala yake weka kipimo ambacho hakina mjadala: malipo ambayo tarehe yake ya mwisho inafika kabla ya 24 Juni.

Kuhusu barua zinazotumwa mara mbili tatu: watumaji wako wanafanya hivyo kwa sababu hawajui barua yao imefikia wapi. Wengine wanadhani ukiweka jibu la likizo, barua zinahamia zenyewe kwa anayekushikia nafasi. Hazihami, mpaka mtu aweke kanuni ya kuzipeleka. Ziko kwenye kisanduku chako zinakungoja, na mtumaji anapaswa kuambiwa hivyo. Kwa kazi yako hili lina uzito wa ziada, maana ankara iliyotumwa kwako na kwa mwenzako inaweza kuingizwa mara mbili, na isipogunduliwa inalipwa mara mbili.

Ukiyaweka hayo yote pamoja, ujumbe wa watu wa nje unakuwa hivi:

> Asante kwa barua yako. Sipo ofisini kwa sasa. Nitarudi kazini Jumatatu, tarehe 22 Juni 2026.
>
> Barua yako imefika na itabaki kwenye kisanduku changu. Haijapelekwa kwa mtu mwingine. Nitazijibu barua zote ifikapo Jumatano, tarehe 24 Juni, kwa hiyo huna haja ya kuituma tena.
>
> Ikiwa ankara yako inapaswa kulipwa kabla ya tarehe 24 Juni, itume kwa ankara@example.com ukitaja namba ya ankara na tarehe ya malipo. Kitengo kitaipokea na kuipeleka kwa mwidhinishaji. Mabadiliko ya akaunti ya benki hayapokelewi kwa anwani hiyo, yatasubiri nirudi.

Sentensi ya mwisho haiko pale kwa bahati. Mhasibu akitangaza kwamba hayupo, tapeli anajua kuna mtu mwingine asiyewafahamu wauzaji vizuri, na huo ndio wakati wa kutuma barua ya “tumebadilisha benki”. Kwa sababu hiyohiyo, watu wa nje usiwaambie umesafiri wapi, wala usiweke namba yako ya simu ya mkononi. Outlook ina sehemu mbili, `Inside My Organization` na `Outside My Organization`. Ya ndani ndiyo unayoweza kuandika jina la anayekushikia nafasi na namba yake ya ndani. Ya nje ibaki kavu kama huo mfano.

Kuna jambo moja la mitambo ambalo linaamua kwa nini ujumbe uwe kamili tangu mwanzo. Outlook ikiwa kwenye Exchange, yaani seva ya barua pepe ya Microsoft, hujibu kila mtumaji mara moja tu kwa kipindi chote. Muuzaji aliyekuandikia tarehe 9, akaandika tena tarehe 17, mara ya pili hapati chochote. Gmail nayo humrudia mtu yuleyule baada ya siku nne, si kila barua. Kwa hiyo ukiahidi “maelezo zaidi yatafuata”, huenda hayatamfikia kamwe. Mambo yakibadilika katikati, kwenye Outlook zima `Automatic Replies` kisha uiwashe upya ili hesabu ya waliokwishajibiwa ifutwe. Gmail huanza upya yenyewe ukihariri `Vacation responder`.

Gmail pia ina uwanja wa siku ya mwisho, na hapo watu huweka Ijumaa kwa mazoea. Jibu litakoma Ijumaa usiku, saa 5:59, na anayeandika Jumamosi atadhani upo. Wewe weka Jumapili, tarehe 21 Juni.

Kabla hujaondoka, jitumie barua kutoka anwani yako binafsi, siyo ya kazini, kwa sababu barua ya ndani itakuonyesha ujumbe wa ndani tu. Jibu lisipokuja, angalia kama umewasha sehemu ya nje. Ukikuta imewashwa na bado kimya, mwulize msimamizi wa barua pepe, maana ofisi nyingine huzuia majibu ya namna hii yasitoke nje. Na likija, ukasahihisha kitu na kujaribu tena kwa anwani ileile, usishangae Outlook ikinyamaza: imeshakujibu mara moja.