Nilipata 27 ya hesabu, na karatasi ile ninayo mpaka leo

"Wakuu, mdogo wangu yuko kidato cha nne. Moku ya hesabu kapata 29, wenzake walioliona pepa mapema wana 80 na kitu. Karatasi yake hataki hata kuiangalia. Nimsaidieje?"

Mkuu, mimi nilipata 27. F ya wazi, maana D inaanzia 30.

Nilikuwa naishi kwa bibi Ujiji. Usiku wa kuamkia moku, jamaa yangu wa Mwanga alinijia na pepa lililonakiliwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Nikamrudishia. Nisijipambe: nilijiona mkali wa hesabu, nikataka kumpita yeye na pepa lake. Yeye akapata 83.

Karatasi ziliporudi niliikunja yangu nikaificha chini ya godoro. Bibi akaiona akitandika. Hajui kusoma, ila wino mwekundu anaujua. Akaniuliza tu, "Mjukuu wangu, hayo mekundu yote mwalimu anakwambia nini?" Sikuwa na jibu. Nikatoka nayo hadi chini ya mwembe, nikaanza kuhesabu alama 73 nilizopoteza zimekwenda wapi.

Nilizigawa mafungu matatu. Nisichokijua kabisa kilinila 24, zaidi ni hesabu za duara na za dunia, zile za latitudo. Maswali nisiyoyafikia yalikuwa mawili ya Sehemu B, 20. Zilizobaki, 29, zilikuwa za vitu ninavyovijua, nimevikosea mwenyewe. Hapo ndipo nilipokaa wima. Mimi nilidhani sijui hesabu, kumbe fungu la kutojua si kubwa hata kuliko hilo la makosa.

Swali lililoniumiza zaidi lilitaka kipeuo cha tatu cha 0.000456 kwa majedwali, kikokotoo hakiruhusiwi. Logi yake ni baa 4 nukta 6590. Mimi nikaisoma kama hasi 4.6590 nzima, nikagawa kwa 3, nikapata 1.5530, nikairudishia baa, jibu likatoka 0.3573. Mwalimu alichora mkasi tu pembeni, hakuandika neno.

Nilimfuata ofisini. Akaniambia, "Zidisha jibu lako mara tatu kwa lenyewe." Nikazidisha, ikaja kama 0.0456. Swali lilikuwa na 0.000456. Imezidi mara mia moja, na kulijua hilo kunahitaji dakika mbili.

Kisha akanionyesha kwamba ile baa inakaa juu ya 4 peke yake. Sehemu ya nyuma ya nukta ni chanya siku zote. Kwa hiyo ni −4 + 0.6590, na 4 haigawanyiki kwa 3. Unaikopesha 2 ili iwe 6, na hiyo 2 unaijazia upande wa pili:

−4 + 0.6590 = −6 + 2.6590

Ukigawa kwa 3 unapata −2 + 0.8863, yaani baa 2 nukta 8863. Jibu ni 0.07697. Nilipolizidisha mara tatu kwa lenyewe lilirudi pale pale 0.000456.

Kuhusu yale mawili nisiyoyafikia, mchawi alikuwa saa. Mtihani ni dakika 180 kwa alama 100, kwa hiyo swali la alama 6 lina haki ya dakika 11 hivi, la alama 10 dakika 18. Mimi hilo la logi nililing'ang'ania karibu dakika 40, nafuta naandika, nafuta naandika. Tangu siku hiyo nikawa naandika pembeni ya kila swali saa ya kulianza, na dakika zake zikipita naruka.

Jamaa yangu naye alikuwa kichwa, kwenye jometri ananizidi kabisa. Lakini siku tuliyokaa kusahihisha, karatasi yake ilikuwa karibu tiki tupu. Nilimuuliza ya logi aliipataje, akaniambia aliikariri na jibu lake. Tukaanza kusahihisha kwa kutumia yangu, maana yangu ndiyo ilikuwa na cha kusahihisha. Taifa nilipata C. Ile ya latitudo mpaka leo inanisumbua, sikuwahi kuielewa vizuri.

Kwa hiyo mwache mdogo wako akasirike siku mbili, halafu kaa naye na kalamu, mhesabu zile 71. Usianze na asichokijua, anza na alivyovijua akakosea, ndiyo alama za karibu. Na kama shule bado inazo karatasi, azifuate wiki hii. Kwetu zilizochelewa kuchukuliwa nilizikuta sokoni zimefungia karanga.