Sheria ya mdomo ya Mayahudi: ilitunzwaje bila kuandikwa, na Mishna na Talmudi zikatokea vipi?

"Mwalimu shikamoo. Nasoma masomo ya dini chuo, mwaka wa pili. Kila kitabu nachosoma kinasema marabi walikataza sheria ya mdomo isiandikwe, afu ukurasa unaofuata kinasema Rabi Yehuda alikusanya Mishna mwaka 200. Sasa walikuwa wanakataza nini, na waliitunzaje bila kuandika? Na Talmudi inaingia wapi hapo?"

Marahaba. Kinachokuchanganya hapo ni kwamba unachukulia kukusanya na kuandika ni kitu kimoja, na kwa marabi wa enzi ile haikuwa hivyo kabisa. Unaweza ukakusanya maneno, ukayapanga, ukayahariri mpaka koma ya mwisho, afu ukayatoa kwa watu kwa mdomo tu. Marufuku yenyewe ilihusu jinsi ya kutumia maneno: Taurati lazima isomwe kwenye gombo mbele ya watu hata kama msomaji anaijua yote kichwani, na sheria ya mdomo, yaani maelezo na hukumu zisizokuwa ndani ya Taurati iliyoandikwa, inakaririwa, haisomwi. Mtu kuwa na vijikaratasi vyake binafsi vya kumbukumbu, hilo lilikuwepo, Talmudi yenyewe inataja magombo ya siri ya aina hiyo, ila hakuna aliyesimama darasani akayafungua na kusema hii ndo sheria.

Sasa turudi mwaka 70. Warumi wamechoma Hekalu la Yerusalemu, na karibu kila kitu kikubwa cha ibada kilikuwa pale, sadaka, makuhani, sikukuu. Mwanazuoni wa sheria Yohanan ben Zakai na wanafunzi wake wakakusanyika Yavne, mji mdogo karibu na pwani, na ukitaka kuona walichokuwa wanafanya angalia suala la baragumu. Zamani sikukuu ya mwaka mpya ikiangukia Sabato, baragumu lilipigwa Hekaluni tu. Hekalu halipo, basi lisipigwe tena? Ben Zakai akaamua lipigwe popote penye baraza la sheria. Yaani mamlaka iliyokuwa kwenye jengo inahamia kwa watu wanaojua sheria, na hiyo hatua inarudiwa kwenye mambo mengi. Usidhani lakini kwamba Mayahudi wote walianza kuwasikiliza kesho yake, marabi walikuwa kikundi kidogo kwa muda mrefu, ilichukua karne kadhaa.

Baadaye vita vya Bar Kokhba, uasi wa Mayahudi dhidi ya Warumi wa 132 hadi 135, vikamaliza shule za Yudea, Rabi Akiva, mwalimu mkubwa wa wakati ule, akauawa na Warumi, na waliobaki wakahamia Galilaya. Hapo ndo hofu inakuwa ya kweli, maana ukitunza elimu kwenye vichwa vya watu na watu wakauawa, imekwenda. Wanafunzi wa Akiva, hasa Rabi Meir, wakaendelea kupanga mafungu ya sheria kwa mada, na kwenye mwaka 200 hivi Yehuda aliyekuwa kiongozi wa Mayahudi wa Palestina (wanamwita Rabi tu, bila jina) akayachuja na kuyaweka katika sehemu sita: mazao, sikukuu, ndoa, madai na mahakama, sadaka, na utohara. Ndiyo Mishna.

Ilitolewaje sasa? Kwenye kila shule kulikuwa na wakariri, watu ambao kazi yao ilikuwa kubeba matini kichwani neno kwa neno. Mwalimu akibishania jambo anamwita mkariri, anamwambia tamka, na anachotamka ndo matini. Mwanafunzi alitakiwa afundishwe kila fungu angalau mara nne, na kuna rabi mmoja, Perida, anakumbukwa kwa mwanafunzi aliyehitaji mara mia nne, akamfundisha mara zote hizo. Wengine waliwasema wakariri kwamba wanatamka wasichokielewa. Mi naona huo ndo ulikuwa uzima wa mfumo wenyewe, asiyeelewa hawezi kujifanya anarekebisha. Tatizo lilikuja pale wakariri wawili walipotamka tofauti, na Talmudi imejaa sehemu ambapo wanazuoni wanasema matini hii ina pengo, isomwe hivi.

Tuchukue fungu la kwanza kabisa la Mishna tulione kwa karibu. Linaanza na swali, Shema ya jioni (ile ya "Sikia, Ee Israeli") inasomwa kuanzia saa ngapi? Jibu: tangu saa ambayo makuhani wanaingia kula fungu lao la mazao. Mwisho wake? Rabi Eliezer anasema mwisho wa zamu ya kwanza, theluthi ya usiku. Wanazuoni wengine wanasema saa sita usiku. Raban Gamalieli anasema mpaka alfajiri ipambazuke, afu kinaongezwa kisa: wanawe walirudi kutoka karamuni usiku, wakamwambia hatujasoma Shema, akawajibu kama alfajiri haijapambazuka bado mnawajibika kusoma. Angalia mambo mawili hapo. Zaidi ya miaka 100 baada ya Hekalu saa bado inapimwa kwa makuhani. Na maoni yaliyoshindwa hayafutwi, yanatajwa na jina la mwenyewe, na Mishna mahali pengine inaeleza sababu, kwamba baraza la baadaye likiona inafaa liweze kuyaegemea.

Hapo ndo Talmudi inapoingia. Wanazuoni wa Palestina na wa Babeli (Rav pale Sura, Shmueli pale Nehardea, na waliowafuata) walichukua fungu hilohilo na kulihoji. Huyu anayeuliza "saa ngapi", kasimama wapi, nani kamwambia Shema ni lazima? Wanajibu kasimama kwenye Kumbukumbu la Torati, "ulalapo, na uondokapo", na ndo maana jioni imetangulia asubuhi. Kwa nini aseme makuhani, si angesema tu nyota zikitoka? Kwa sababu anataka kukufundisha sheria ya makuhani humohumo. Na kwa nini saa sita usiku kama alfajiri inaruhusiwa? Ili mtu anayetoka shamba jioni asiseme ngoja nile kidogo, ninywe kidogo, nilale kidogo, ndo nisome, akapitiwa na usingizi usiku kucha. Kila hoja inakuja na mnyororo wake, fulani kasema kwa jina la fulani, kama isnadi ya hadithi kwa wale waliosoma madrasa. Majadiliano hayo yakirundikwa juu ya Mishna ndo Gemara, na viwili hivyo pamoja ndo Talmudi. Ya Palestina ilifikia umbo lake kama mwaka 400, ya Babeli karne moja au mbili mbele, ni kubwa zaidi na ndiyo iliyoshika mamlaka.

Kwa imani ya Mayahudi wengi wa dini sheria hii ilitoka kwa Musa Sinai ikapokezana mpaka kwa marabi, na kwenye pepa yako uieleze kwa heshima kama wanavyoiamini. Wanahistoria kwa upande wao wanaanza na kile kinachoonekana kwenye matini, mafungu yanayojengwa kizazi kwa kizazi.

Na lini hasa wino uligusa karatasi? Swali lako liliulizwa na Mayahudi wa Kairuani, Tunisia, wakamwandikia Sherira, mkuu wa shule ya Pumbedita huko Babeli, naye akawajibu kwa barua ndefu mwaka 987. Barua hiyo imetufikia kwa nakala za aina mbili, moja inasema Rabi aliiandika Mishna, nyingine inasema aliipanga tu bila kuiandika. Wataalamu wengi wa leo wanaegemea hiyo ya pili. Kwa hiyo kwenye kazi yako andika "ilihaririwa kama mwaka 200", usiandike "iliandikwa".