Mume wangu yuko Dubai, hela haionekani

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu yuko Dubai mwaka wa pili, analipwa dirham 2,000. Anadai kitanda ni 600, chakula 400, nauli na simu 200. Kila wiki ananitumia 200, ambazo ni shilingi 136,000, na kila akituma hulipa ada dirham 20. Nikipiga video hataki kunionyesha chumba. Nahisi ana mwanamke. Nimdai zaidi? Mama wawili, Pasua, Moshi.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa upweke, lakini kwa hili nasimama na mumeo.

Chukua kalamu. 600, 400 na 200 ni 1,200. Zako mara nne ni 800. Hapo 2,000 imeisha, na ada bado! Dirham 20 mara nne ni 80, na kwa hesabu uliyoniandikia mwenyewe hazina pa kutoka. Ama anakopa, ama anazikata kwenye chakula. Mwanamke gani atahongwa kwa hela isiyokuwepo?

Na chumba anachokuficha, soma ulichoandika: analipia kitanda. Wanaolala hivyo hupanga vitanda vya ghorofa, pazia likiwa ndiyo ukuta, na wa zamu ya usiku wamelala mchana. Aibu ya mwanaume hiyo, usiigeuze uzinzi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa niambie, kwa nini kila wiki? Ada ya shule haidaiwi kila wiki, wala kodi ya nyumba. Nanusa kikoba hapo, hisa za kila Jumatano. Ndoa za siku hizi zimejaa vikoba na michango ya sare, na anayevigharamia hata hajui mwenyekiti ni nani.

Ada yake hailingani na kiasi, ni 20 iwe anatuma 200 au 800. Basi atume mara moja, mwisho wa mwezi. Ile 800 iliyobaki atoe 20 ya ada, akutumie 780. Kwa bei hiyohiyo ya sasa, shilingi 680 kwa dirham moja, utapata 530,400. Ulikuwa unapata 544,000, kwa hiyo umepungukiwa 13,600 tu, naye amerudishiwa dirham 80 za tumbo lake.

Akisema kuna wakala asiyetoza ada, msishangilie kwanza. Wengine huificha kwenye bei ya kubadilishia. Zichukue shilingi zilizoingia, uzigawe kwa dirham zote zilizomtoka mfukoni, ada ikiwemo. Kwa mtindo wenu wa sasa, dirham moja inafika ikiwa shilingi 618. Akituma mara moja inafika 663. Wakala wa kweli ni yule anayefikisha zaidi ya hapo.

Hapo bado hana akiba ya kuugua hata siku moja. Kwenye kikoba omba ununue hisa chache, uzilipe kwa mwezi, na kinachopungua kibaki kwake. Leo usiku mpigie bila video, umuulize amekula nini.