Picha ya droni inachelewa nyuma ya maghorofa

"Wakuu, nikizunguka maghorofa ya Nyali picha ya dijitali inachelewa, kisha inaganda. Nirudi analogi?"

Usirudi bado, ndugu. Analogi ingekupa chenga badala ya kuganda, lakini nashuku antena zako. Ya droni na ya miwani unayotazamia picha lazima zizungushe mawimbi upande mmoja, kulia kwa kulia. Mimi niliwahi kuchanganya kulia na kushoto, picha ikakatika mita 100 tu. Mawimbi yakigonga ukuta hugeuka upande, na antena zinazolingana huudhoofisha mwangwi huo.

Kisha weka kamera fremu 120 kwa sekunde badala ya 60. Kila fremu itachukua takriban milisekunde 8, si 17.

Nyuma ya zege nene, sogea wewe. Usiwashe kirushio cha picha bila antena, kinaweza kuungua. Kibali cha droni cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, unacho?