Barua kwa mwanangu: nani ataje mshahara kwanza

"Mama, Jumanne naenda kuongea mshahara na afisa utumishi, nitaje mimi kwanza au nisubiri wao waseme?"

Mwanangu, kama unajua kazi kama hiyo hapo Dar inalipwa ngapi, taja wewe. Kama hujui, waache waseme wao, maana ukitaja gizani utajipiga mwenyewe. Mimi yalinikuta. Kazi yangu ya kwanza ya uhasibu niliulizwa nataka ngapi, nikasema haraka haraka laki tatu na nusu, yule baba akaandika hata kichwa hakuinua. Hakubisha hata kidogo, na hapo ndo ningejua nimetaja chini. Baadae nikaja kuona vocha za aliyenitangulia, alikuwa anachukua laki tano.

Ujue namba ya kwanza kutajwa inang'ang'ania kichwani, hata kama mtu anajua haina maana. Kuna wanasaikolojia wawili, Tversky na Kahneman, mwaka 1974 waliandika kuhusu jaribio lao la gurudumu la bahati nasibu, wamelichezea lisimame kwenye 10 au 65 tu. Watu wanalizungusha halafu wanaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Waliopata 10 jibu lao la katikati likawa 25, waliopata 65 likawa 45. Gurudumu jamani! Sasa piga picha namba iliyotamkwa na mtu mwenye suti.

Ndo kama Kariakoo, muuzaji anasema elfu sitini, wewe unahangaika unapata kwa arobaini unatoka unacheka, hujajiuliza kama ingeanzia thelathini ungelipa ngapi.

Haya tuchukue hiyo kazi yako. Tuseme umeulizia ukaambiwa wenzio wanapata kati ya milioni 1.2 na milioni 1.7. Wakianza wao na 1,100,000 utaona aibu kuruka mbali, utasema 1,300,000, mtakutana 1,200,000. Ukianza wewe na 1,680,000 wao watashuka mpaka 1,320,000 hivi, mkigawana katikati ni 1,500,000. Kazi ile ile, kiti kile kile, laki tatu kila mwezi. Si lazima mkutane katikati kabisa, ila mara nyingi inaangukia jirani na hapo, kwa hiyo namba mbili za mwanzo ndo zinaamua zaidi kuliko maneno yote yanayofuata.

Na usiseme milioni moja na laki saba kavu, sema 1,680,000, namba isiyo duara inaonyesha umekaa ukapiga hesabu, mtu anaogopa kuikata sana. Ila uwe na sababu mkononi, wakikuuliza umeitoa wapi usianze kutazama dari. Ukitaja milioni tatu kwenye kazi ya milioni moja na nusu hawatabishana na wewe, watakushukuru kwa muda wako na simu haitapigwa tena.

Wakikuwahi wakasema 1,100,000, usianze kuichambua hiyo namba yao, "ni ndogo kwa sababu hii na hii", maana kila ukiirudia unaipigilia msumari. Sema asante, mimi nilijiandaa na 1,680,000 kwa sababu nimeshaendesha stoo mbili peke yangu, halafu nyamaza. Kunyamaza ndo kugumu, najua ulivyo. Na wakiuliza ulikolipwa zamani, hiyo nayo ni namba ya kwanza, imevaa tu kanga nyingine, warudishe kwenye kazi ya sasa.

Kitu kingine, ukisema "kati ya 1.3 na 1.6" wao wanasikia 1.3 tu. Kama lazima useme hivyo, ile ya chini ndo iwe unayoitaka kweli.

Halafu uliza kabla ya makato au mkononi, hapa vijana wengi wanaumia. Milioni 1.5 kabla ya makato, NSSF inachukua 150,000, kodi kwenye inayobaki ni 233,000, mkononi unabaki na 1,117,000, na bodi ya mikopo ikija na asilimia 15 yake ni 225,000 tena, unabaki na 892,000. Kwa hiyo ukiwa unafikiria mkononi na wao wanaandika kabla ya makato, umeshajishusha bila mtu kukugusa.

Ingekuwa serikalini nisingekuandikia yote haya, kule ngazi ya mshahara imeshapangwa, unasaini tu.

Kwenye ile fomu waliyokutumia, kisanduku cha mshahara andika "tutazungumza" kwanza. Leo jioni mpigie binamu yako wa kule bandarini, umuulize wanaoanza sasa hivi wanalipwa ngapi, sio yeye analipwa ngapi, hilo hatakujibu. Akishakuambia nipigie, hata iwe saa nne usiku, tukae tuipange hiyo namba.

Mama